Kuchora kidakio cha mto Zigi kwa data za mwinuko, kuanzia mashimo hadi mtoko

Maji ya bomba ya jiji la Tanga yanatoka mto Zigi, ambao ramani nyingine huuandika Sigi. Mto huu unaanzia milima ya Usambara Mashariki, pande za Amani, unateremka hadi bwawa la Mabayani, kisha unaingia baharini kaskazini mwa jiji. Ukitaka kujua ni ardhi ipi hasa inayoleta maji kwenye bwawa hilo, unahitaji data za mwinuko zinazopatikana bure na kompyuta ya kawaida tu. Amri zenyewe ni chache na zinaisha upesi. Muda unaliwa na uhakiki, kwa sababu programu haikatai kazi. Uipe data mbovu, uweke nukta mahali pasipo pake, bado itakuchorea umbo lenye mpaka safi na eneo lenye tarakimu mbili baada ya nukta.

Kidakio ni ardhi yote ambayo mvua ikinyesha juu yake na kutiririka, maji yake hupita kwenye nukta moja ya mto. Nukta hiyo nitaiita mtoko. Mfano wetu una mtoko mmoja, chini kidogo ya ukuta wa bwawa la Mabayani. Nitatumia GDAL na WhiteboxTools, na QGIS ya kutazamia matokeo. Anayependelea GRASS au programu nyingine atakuta hoja ni zilezile, ila majina ya amri yanabadilika.

Kupata data na kuziunganisha

Kuna data mbili za bure ambazo wengi huanza nazo. Moja ni SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha angani Februari 2000. Nyingine ni Copernicus GLO-30, iliyotokana na vipimo vya setilaiti za TanDEM-X vya miaka ya 2011 hadi 2015. Zote ni rasta, yaani gridi ya seli za takriban mita 30, kila seli na mwinuko wake. Kwa Usambara mimi naanza na Copernicus, maana ni mpya zaidi na kelele zake kwenye tambarare ni ndogo.

Data hizi hutolewa kwa vigae vya nyuzi moja kwa nyuzi moja, na kila kigae hupewa jina la pembe yake ya kusini magharibi. Hapa ndipo wengi hukosea mapema. Amani iko kusini kidogo ya nyuzi 5, kwa hiyo mtu anapakua S06E038 akidhani amemaliza. Mstari wa nyuzi 5 kusini unapita katikati ya kidakio cha Zigi, na vijito vya upande wa kaskazini viko kwenye S05E038. Tanga mjini nako kuko mashariki ya nyuzi 39. Pakua vyote vinne, ubadilishe majina yawe mafupi, kisha uviunganishe na kuvihamishia kwenye mita:

```
gdalbuildvrt tanga.vrt S05E038.tif S06E038.tif S05E039.tif S06E039.tif
gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 30 30 -r bilinear -dstnodata -9999 tanga.vrt dem.tif
```

EPSG:32737 ni UTM kanda ya 37 kusini, ambayo Tanga yote imo ndani yake. Usiliache neno `bilinear`. Usipoliandika, GDAL huchukua thamani ya seli iliyo karibu zaidi, na hapo baadhi ya safu hujirudia au kurukwa. Kwa macho huoni kitu, lakini baadaye utaona vijito vinavyokwenda wima au mlalo kama vimepigwa rula, hata kwenye miteremko ya milima.

Ukipenda kupunguza ukubwa wa faili, kata, lakini acha kilomita 10 hivi za ziada kila upande. Bado hujui mpaka uko wapi, kwa hiyo huna haki ya kukata karibu nao.

Mashimo: kukata kwanza, kujaza baadaye

Maji ya kompyuta yana sheria moja tu: hutoka kwenye seli na kwenda kwa jirani iliyo chini yake. Seli ikizungukwa na majirani walio juu yake wote, maji yanakwama hapo, na ardhi yote ya nyuma yake inakatika kutoka kwenye mto. Data yoyote ya mwinuko ina maelfu ya mashimo ya aina hiyo. Mengi hayapo ardhini.

Kwenye Zigi, chanzo kikubwa cha mashimo ya uongo ni miti. Rada za SRTM na Copernicus hazifiki chini pale msitu ulipo mnene, zinapima sehemu ya juu ya majani au karibu nayo. Msitu wa Amani una miti inayopita mita 30. Chukua kijito kinachotoka kwenye mashamba ya chai, ambako data inaona ardhi yenyewe, kisha kinaingia msituni. Kwa data, kijito hicho kimegonga ukuta wa mita 20 au zaidi. Nyuma ya ukuta huo linazaliwa shimo. Kando ya mito kwenye bonde kuna jambo hilohilo, maana ukanda wa miti ya kingoni unafunika mkondo mwembamba, na mkondo unageuka tuta.

Njia ya zamani ni kujaza shimo mpaka lifurike. Inafanya kazi, lakini kwenye mfano wa msitu na chai inakutengenezea ziwa bapa lenye ukubwa wa shamba zima. Juu ya ziwa hilo programu haina mteremko wa kufuata, hivyo hubuni njia. Mbaya zaidi, ziwa likipanda sana linaweza kufurikia upande wa pili wa mlima na kuupeleka mto kwa jirani. Kwa hiyo nakata kwanza: programu inachimba mfereji mwembamba kupitia kizuizi, na inajaza tu kile ambacho kukikata kungehitaji mfereji mrefu mno.

```
whitebox_tools -r=BreachDepressionsLeastCost --wd=/data/zigi --dem=dem.tif -o=dem_k.tif --dist=20 --fill
```

`--dist=20` maana yake mfereji usizidi seli 20, yaani mita 600 hivi. Kinachobaki kinajazwa kwa `--fill`. Ukiweka namba kubwa sana, programu itapasua hata migongo ya kweli.

Usiende hatua inayofuata kabla ya kutoa `dem.tif` kutoka `dem_k.tif` kwa kikokotoo cha rasta na kutazama tofauti. Thamani hasi ni mahali palipokatwa, chanya ni palipojazwa. Utaona mistari mirefu ya hasi kwenye kingo za msitu na kando ya mito, na hiyo ni ya kutarajiwa. Unachotafuta ni mambo mawili: mfereji unaovuka mgongo wa mlima, na dimbwi la chanya lenye eneo kubwa. Viweke alama vyote, utavirudia kwenye uhakiki.

Bwawa lenyewe halisumbui kama watu wanavyodhani. Uso wa maji ni bapa na ukuta ni kizuizi, kwa hiyo programu itaukata ukuta au itafurika juu yake. Vyovyote iwavyo, maji yote yaliyoingia bwawani yanatokea upande wa chini, na mpaka wa kidakio haubadiliki. Mstari wa mto utakaouona ukivuka bwawa ni wa kubuni tu.

Mwelekeo wa mtiririko

Kanuni inayotumika zaidi huitwa D8, kwa sababu kila seli ina majirani 8 na maji yote huenda kwa mmoja wao. Anayechaguliwa ni yule mwenye mteremko mkali zaidi, ambaye si lazima awe ndiye aliye chini kuliko wote. Tazama seli tisa hizi, mwinuko kwa mita:

```
415  414  416
413  412  408
414  411  407
```

Maji yako katikati, kwenye 412. Kusini mashariki kuna 407, ndiyo ya chini kuliko zote, tofauti ya mita 5. Lakini njia ya mshazari ni ndefu: mita 30 mara kipeuo cha pili cha 2 ni mita 42.4, na 5 ukigawa kwa 42.4 unapata 0.118. Mashariki kuna 408, tofauti ya mita 4 tu kwa umbali wa mita 30, sawa na 0.133. Maji yanakwenda mashariki.

```
whitebox_tools -r=D8Pointer --wd=/data/zigi --dem=dem_k.tif -o=mwelekeo.tif
```

Kila seli sasa ina namba inayotaja upande. WhiteboxTools huanza na 1 kwa kaskazini mashariki, 2 mashariki, 4 kusini mashariki, ikizunguka hivyo hadi 128 kaskazini. Programu za ESRI, na nyingine nyingi zilizofuata mtindo wao, huanza na 1 mashariki, 2 kusini mashariki, hadi 128 kaskazini mashariki. Kwa hiyo ukitengeneza rasta ya mwelekeo kwenye programu moja na kuipeleka kwenye nyingine bila kusema, kila mshale unageuka nyuzi 45. Hakuna ujumbe wa kosa. Kinachotoka ni kidakio kidogo chenye umbo la ajabu, kisichofuata bonde lolote. Kama lazima uchanganye, ongeza `--esri_pntr` kwenye amri, na uiongeze pia kwenye kila amri ya baadaye inayosoma rasta hiyo.

Mlimbikizo

Sasa kila seli inahesabiwa ni seli ngapi zinazomimina kwake. Seli ya mgongoni inapata 1, yaani yenyewe tu. Ya mtoni inapata malaki.

```
whitebox_tools -r=D8FlowAccumulation --wd=/data/zigi -i=dem_k.tif -o=limbiko.tif --out_type=cells
```

Seli moja ni mita za mraba 900, hivyo kilomita moja ya mraba ni seli 1,111. Ukifungua rasta hii kwenye QGIS utaona weusi mtupu, kwa sababu thamani chache kubwa zinameza nyingine zote. Onyesha logi yake badala ya thamani yenyewe, na mtandao wa mito utajitokeza.

Kisha tenga vijito. Nachagua kizingiti cha seli 1,111, yaani mkondo uanze pale ardhi ya kilomita moja ya mraba inapokusanyika. Namba hiyo haibadilishi mpaka wa kidakio hata kidogo. Inaamua tu ni mistari mingapi utakayoiona, na ni mstari upi mtoko wako utaweza kuvutwa kwake.

```
whitebox_tools -r=ExtractStreams --wd=/data/zigi --flow_accum=limbiko.tif -o=vijito.tif --threshold=1111
```

Weka picha ya setilaiti chini ya vijito hivi. Milimani vitalingana na mabonde vizuri. Tambarare, pande za mashamba ya mkonge, vinaweza kupotoka seli kadhaa kutoka mkondo wa kweli, na karibu na mikoko ya pwani usiviamini kabisa, maana huko tofauti za mwinuko ni ndogo kuliko makosa ya rada.

Mtoko

Hatua hii ndiyo inayoamua jibu. Mkondo wa D8 una upana wa seli moja. Ukibonyeza nukta seli moja pembeni, hujabonyeza mto, umebonyeza ukingo. Tuseme seli uliyoibonyeza ina mlimbikizo wa 37. Hizo ni mita za mraba 33,300, shamba la ekari 8 hivi. Seli ya jirani yake, yenye mkondo, ina malaki ya seli na inabeba mto mzima. Programu itakuchorea shamba lile la ekari 8 bila kusita.

Dawa yake ni kuivuta nukta hadi kwenye mkondo:

```
whitebox_tools -r=JensonSnapPourPoints --wd=/data/zigi --pour_pts=mtoko.shp --streams=vijito.tif -o=mtoko_v.shp --snap_dist=150
```

Namba 150 ni mita. Amri hii inaipeleka nukta kwenye seli ya kijito iliyo karibu zaidi. Ipo nyingine, `SnapPourPoints`, inayoipeleka kwenye mlimbikizo mkubwa kuliko wote ndani ya umbali huo. Kwa mtoko wa Mabayani, ulio kwenye mto mkuu, zote mbili zitakubaliana. Lakini fikiria kituo cha kupimia maji kilichoko kwenye Kihuhwi, juu kidogo ya pale unapoungana na Zigi. `SnapPourPoints` itaruka makutano na kukupa Zigi yote pamoja na Kihuhwi, kwa sababu huko ndiko mlimbikizo ni mkubwa. Amri ya kwanza nayo ina udhaifu wake, kwani kijito kidogo kikipita karibu na nukta kuliko mto, itakamata kijito. Ndiyo maana baada ya kuvuta, lazima usome mlimbikizo wa pale nukta ilipotua, pamoja na wa seli chache juu na chini yake. Kwenye mto usio na makutano namba hupanda kidogokidogo. Ikiruka ghafla, umevuka makutano, na unapaswa kujua uko upande gani.

Nukta ya bwawa iweke chini ya ukuta, mahali mkondo unapoanza tena. Ukiiweka katikati ya maji utapoteza vijito vinavyoingia bwawani kati ya nukta yako na ukuta, kwa sababu ule mstari wa kubuni unavipokea baadaye.

Kama nukta yako inatoka kwenye daftari la zamani au ramani ya 1:50,000, uliza kwanza imepimwa kwa mfumo gani. Ramani za zamani za Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, na UTM yake ya kanda hii ni EPSG:21037. Ukiisoma kama WGS 84, mfumo wa data zetu, nukta inahama karibu mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Hizo ni seli 10. Hapo `--snap_dist=150` haitakuokoa, na kuiongeza hadi 500 ili nukta ifike kwenye kijito fulani ni kuficha tatizo. Badilisha mfumo kwanza, kisha vuta.

Kuchora, halafu kuuliza maswali

```
whitebox_tools -r=Watershed --wd=/data/zigi --d8_pntr=mwelekeo.tif --pour_pts=mtoko_v.shp -o=kidakio.tif
whitebox_tools -r=RasterToVectorPolygons --wd=/data/zigi -i=kidakio.tif -o=kidakio.shp
```

Swali la kwanza ni la hesabu. Mlimbikizo kwenye mtoko, mara 900, lazima ulingane na eneo la umbo. Kama mtoko una seli 700,000, umbo liwe na kilomita za mraba 630. Tofauti yoyote ya maana inaonyesha kwamba rasta ya mwelekeo na ya mlimbikizo hazikutoka kwenye faili moja.

La pili ni la macho. Mpaka ukinyooka ghafla na kufuata ukingo wa data, kigae kimekosekana au ulikata mapema.

La tatu linahitaji uijue nchi. Magharibi, mpaka wa Zigi unapaswa kukaa juu ya mgongo wa Usambara Mashariki, kwa sababu upande wa pili maji yanateremka bonde la Lwengera na kwenda Pangani. Umbo likishuka hata kidogo ndani ya bonde la Lwengera, kuna mfereji uliopasua mgongo, na huenda tayari uliuwekea alama. Kaskazini majirani ni vijito vya Umba, na kusini mashariki ni Mkulumuzi.

Kisha pakia mito ya ramani ya 1:50,000 juu ya umbo lako, ukiwa umeigeuza kutoka Arc 1960. Ukiacha ule unaotokea kwenye mtoko, hakuna mto unaoweza kuvuka mpaka wa kidakio. Kila mstari wa buluu unaovuka ni mahali pa kuchunguza, na mara nyingi ramani ndiyo yenye haki, kwa kuwa mchoraji alifuata picha za ndege na mara nyingine mtu alifika kwa miguu. Kwangu hili ndilo jaribio lenye faida kuliko yote, kwa sababu linakupeleka moja kwa moja kwenye kosa badala ya kukupa asilimia isiyosema kitu.

Makosa mengi utayakuta kwenye migongo yenye msitu upande mmoja na chai upande mwingine. Data inaona kilele cha miti kama kilele cha mlima, na mpaka unasogea kuelekea msituni kwa seli moja, mbili au zaidi. Kwa kidakio cha mamia ya kilomita za mraba kosa hilo halitikisi jumla. Kwa kijito cha kijiji chenye kilomita 2 za mraba linaweza kukupa jibu lisilofaa kabisa, na hapo inabidi ufuate mgongo kwa miguu ukiwa na GPS, au umuulize mwenye shamba mvua ikinyesha maji ya pale yanaelekea wapi. Kisha usilirekebishe umbo kwa mkono. Chonga mwinuko mahali penye kosa, urudie amri zote, ili mwelekeo, mlimbikizo na mpaka viendelee kukubaliana.

Ukiamua kushusha mtoko kutoka Mabayani hadi karibu na bahari, utaingia kwenye jambo jingine. Kati ya Zigi na Mkulumuzi kuna mawe ya chokaa, yaleyale yaliyotobolewa na maji hadi yakawa mapango ya Amboni. Kwenye chokaa shimo linaweza kuwa la kweli, na maji yanayoingia humo hushuka chini ya ardhi badala ya kufurika. Kukata mfereji kupitia shimo la namna hiyo ni kuyapa maji njia ambayo hayaifuati. Data ya mwinuko inajua uso wa ardhi tu, haiwezi kukuambia maji yaliyozama yanaibukia Zigi au Mkulumuzi. Kwa eneo hilo chora mpaka kwa mstari wa vitone, uandike pembeni kwamba ni mpaka wa juu ya ardhi, na pamoja na faili uweke jina la data, namba za `--dist` na `--threshold`, na viwianishi vya mtoko baada ya kuvutwa, kwa EPSG:32737.